Kabla ya kudungwa sindano ya homoni, uliza unavyolala

Dereva mmoja wa lori aliingia kliniki yetu hapa Nakuru saa kumi na moja jioni, akaweka karatasi ya maabara mezani kabla hata hajaketi. Testosteroni, homoni ya kiume, ilikuwa 6.9 nmol/L, chini ya kawaida. Muuzaji wa dawa alikuwa amemwambia kwamba tiba yake ni sindano, akamuuzia chupa moja, na sasa alikuwa anatafuta mtu wa kumdunga. "Daktari, nidunge tu niende. Kesho alfajiri naenda Malaba."

Mimi ni tabibu wa kawaida, lakini karatasi kama hiyo nimeziona nyingi. Nilimuuliza damu ilitolewa saa ngapi. Saa tisa mchana, akasema. Na usiku wa kuamkia siku hiyo ulilala wapi? Akacheka. "Ningelala wapi na nilikuwa barabarani?" Nikamrudishia chupa yake. Kipimo hicho kilikuwa kimepima uchovu wake zaidi ya kupima korodani zake.

Alikuwa na umri wa miaka 44, ameoa, na kwa karibu mwaka mzima hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imemwisha. Nitamtumia yeye kueleza njia ninayoifuata, kwa sababu mambo matatu yanayoiba homoni hii usiku, yaani pumzi kukatika usingizini, usingizi mchache na msongo wa mawazo usioisha, yote matatu yalikuwa yamemkalia.

Homoni hii hutengenezwa ukiwa umelala

Ubongo hutuma amri kwa korodani kupitia homoni iitwayo LH, na korodani hutoa testosteroni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku. Kiwango huanza kupanda mtu anapolala, huhitaji kama saa tatu za usingizi usiokatika-katika ili kiweze kupanda sawasawa, kisha hufika kileleni alfajiri. Kuanzia hapo hushuka polepole mpaka jioni. Hiyo ni sehemu ya sababu mwanaume mwenye afya huamka uume umesimama, na ndiyo maana ninapomhoji mgonjwa huwa nauliza habari za asubuhi kabla ya habari za usiku.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 10 wenye afya njema, wakawaruhusu kulala saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa kawaida mwanaume hupoteza kama asilimia 1 au 2 kwa mwaka kadiri anavyozeeka. Kwa hiyo wiki moja tu ya usingizi wa kuibia iliwazeesha vijana wale kwa miaka kadhaa, na hawakuwa na unene wala ugonjwa wowote.

Hatua ya 1: Tenganisha hamu na kusimama

Watu husema "nguvu zimeisha" wakimaanisha mambo mawili tofauti. Kuna anayetamani lakini uume unamwangusha, na kuna asiyetamani kabisa, hata akibaki peke yake na mkewe wikendi nzima hakumbuki. Wa kwanza mara nyingi ana shida ya mishipa ya damu, kisukari, presha, au dawa anazokunywa. Wa pili ndiye ninayemfikiria habari za homoni, usingizi na mawazo. Wapo wenye yote mawili, lakini jiulize lipi lilitangulia.

Dereva wangu alisema hamu ndiyo iliyoondoka kwanza. Uume wa asubuhi ulianza kupungua baadaye, na sasa ulikuwa umebaki mara moja moja tu, hasa siku za mapumziko anapochelewa kuamka. Hilo la siku za mapumziko lilinipa matumaini: mitambo inafanya kazi, inakosa nafasi tu.

Hatua ya 2: Rekodi usiku mmoja

Anayekoroma hajisikii. Kwa hiyo shahidi wa kweli ni mke, au kwa madereva, tanboi. Nilimwomba amwite mkewe aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi. Nilipomuuliza kama bwana anakoroma, alimwangalia mumewe kwanza, kisha akasema: "Daktari, kukoroma nimezoea. Kinachonitia hofu ni akinyamaza. Ananyamaza, nahesabu, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini."

Hiyo ndiyo picha kamili ya ugonjwa unaoitwa apnea. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hujifunga, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Ukimya ukifika sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa kuwa tukio moja. Oksijeni hushuka, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kwa nusu, anavuta pumzi kwa kishindo, anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki chochote, anajua tu amelala saa nane na ameamka kama hajalala.

Kama hakuna shahidi, weka simu mezani kando ya kitanda, kwenye chaji, irekodi sauti usiku kucha. Asubuhi usisikilize yote. Tafuta kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu usingizi wa ndoto huwa mwingi wakati huo na koo hulegea zaidi. Unachotafuta ni mkoromo, kisha ukimya, kisha kishindo cha pumzi, ukirudiarudia. Mkoromo wa sauti moja usiokatika hautoshi kusema ni apnea.

Kuna dalili moja ambayo wanaume huipeleka kwa daktari wa tezi dume bure: kuamka kukojoa mara tatu au nne usiku. Pumzi inapozibwa, moyo huvutwa na kutanuka kifuani, ukatoa homoni inayoamrisha figo kutoa maji. Dereva wangu alikuwa ameshanunua dawa za tezi dume, za miezi miwili.

Hatua ya 3: Maswali manane na tepu ya fundi cherehani

Madaktari hutumia orodha fupi inayoitwa STOP-BANG. Jipe pointi moja kwa kila jibu la ndiyo: unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango; unachoka au kusinzia mchana; mtu amekuona ukikatika pumzi; una presha au unatumia dawa zake; uzito wako kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wako wa mita, kisha jibu likagawanywa tena kwa urefu huo huo, unazidi 35; umepita miaka 50; shingo yako inazidi sentimita 40; wewe ni mwanaume. Pointi 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 na 4 ni ya kati, 5 na kuendelea ni kubwa.

Shingo hupimwa kwa tepu ya cherehani, usawa wa kikoromeo, bila kukaza. Yake ilikuwa sentimita 43. Alikuwa na kilo 101 kwa urefu wa mita 1.72, ambayo ni 34, kwa hiyo pointi ya uzito aliikosa kwa nywele. Ya umri pia aliikosa. Presha yake siku ile ilikuwa 152 kwa 96, na ilibaki juu nilipopima tena siku nyingine mbili. Jumla pointi 6. Hapo sikuwa na haja ya kubahatisha.

Usisahau kwamba watu wembamba pia hupata apnea, hasa wenye taya dogo lililorudi nyuma au mafindofindo makubwa. Nimewahi kumpuuza bawabu mmoja mwembamba kwa sababu hiyo, na nikachelewa miezi sita kumpeleka kupimwa.

Hatua ya 4: Rudia kipimo cha damu kwa njia sahihi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Damu ya testosteroni hutolewa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, baada ya kulala usiku wa kawaida. Wanaofanya kazi usiku wapimwe baada ya siku kadhaa za mapumziko ambazo wamelala usiku. Hairuhusiwi kupima ukiwa na malaria, homa au kidonda kikubwa. Mwili mgonjwa huzima homoni hii kwa makusudi, kwa hiyo subiri wiki kadhaa baada ya kupona. Na kipimo kimoja hakitoshi. Kikiwa chini, kirudiwe siku nyingine, asubuhi vilevile.

Maabara nyingine huandika nmol/L, nyingine ng/dL. Zidisha ya kwanza kwa 28.8 upate ya pili. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani huweka mpaka wa chini kwenye 264 ng/dL, yaani 9.2 nmol/L, madaktari wa mkojo wa huko huweka 300 ng/dL, yaani 10.4. Ukiona wataalamu wenyewe hawajakubaliana, elewa kwamba namba peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Lazima iambatane na dalili.

Dereva alichukua likizo ya siku nne, akalala nyumbani, akapimwa saa mbili asubuhi: 9.8. Wiki iliyofuata: 10.1. Kutoka 6.9 hadi karibu 10 bila dawa yoyote. Bado ilikuwa chini kwa mtu wa miaka 44, na kwa mnene kuna jambo lingine: unene hupunguza protini inayobeba homoni hii kwenye damu, hivyo jumla husomeka chini kuliko ile inayofanya kazi kweli. Tuliongeza LH, homoni ya maziwa iitwayo prolaktini, homoni ya tezi ya shingo, sukari ya miezi mitatu, na kipimo cha HIV. LH ilikuwa ya kawaida lakini upande wa chini, ikimaanisha korodani ni nzima ila ubongo unatoa amri kwa sauti ndogo. Hivyo ndivyo usingizi mbovu, unene na msongo huonekana kwenye karatasi. Sukari ilikuwa asilimia 6.1, mlangoni mwa kisukari. Mengine yalikuwa safi.

LH ikiwa juu sana huku testosteroni iko chini, tatizo liko korodani zenyewe na mwongozo huu hautakusaidia. Vivyo hivyo prolaktini ikiwa juu, au kama una maumivu ya kichwa na macho yanapungua kuona pembeni, au ndevu zinapukutika. Huyo aende kwa daktari bingwa moja kwa moja.

Hatua ya 5: Daftari la wiki mbili

Kila asubuhi andika mistari minne: ulipanda kitandani saa ngapi, uliamka saa ngapi, uliamka mara ngapi katikati, na kama uume ulikuwa umesimama. Jioni ongeza pombe, chai ya mwisho, na miraa au mogoka kama unatafuna.

Daftari hutofautisha wezi watatu. Mwenye usingizi mchache hulala saa tano, na siku anayopata saa nane anaamka mzuri. Mwenye apnea hata akilala saa tisa anaamka amechoka. Mwenye msongo yuko kitandani saa nane lakini amelala tano, nyingine tatu anaangalia paa. Dereva alikuwa na safari nne za usiku kwa wiki mbili, pombe kila anapofika nyumbani "ili nishike usingizi", na kuamka saa tisa usiku bila kuweza kulala tena siku zote tatu kabla ya tarehe ya kulipa mkopo wa lori. Hilo la tarehe hakuligundua mwenyewe. Mkewe ndiye aliyelisoma kwenye daftari.

Hatua ya 6: Kipimo cha usingizi, na mashine

Omba barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, au wa kifua. Kipimo kinaweza kufanyika hospitali au nyumbani kwa kifaa kidogo: mkanda kifuani, mrija puani, klipu kidoleni. Matokeo huja kama namba ya mikatiko kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni ya kati, zaidi ya 30 ni kali. Dereva alipata 38. Kila baada ya dakika moja na nusu hivi, usiku mzima, alikuwa ananyongwa kidogo.

Alipewa mashine ya CPAP, ambayo husukuma hewa kupitia barakoa na kushikilia koo wazi. Wengi huiacha ndani ya wiki ya kwanza, na sababu huwa ndogo ndogo. Barakoa ikivuja hewa machoni, legeza mikanda na uipange upya ukiwa umelala, usiikaze. Mdomo ukikauka, huenda unalala mdomo wazi na unahitaji barakoa inayofunika pua na mdomo. Ukihisi kubanwa, ivae jioni ukiwa umeketi unatazama taarifa ya habari, nusu saa kila siku, mpaka uso uizoee. Mashine huhesabu saa zake yenyewe. Chini ya saa nne kwa usiku faida yake ni ndogo. Stima ikipotea usiku, lala ubavu na uendelee kesho.

Sasa neno ambalo wauzaji wa mashine hawalisemi: CPAP peke yake haipandishi testosteroni kwa uhakika. Tafiti zilipojumlishwa, homoni haikusogea sana. Kinachosogea ni uchangamfu, presha, kusimama kwa uume, na kwa wengi hamu yenyewe, kwa sababu mtu asiyesinzia saa mbili usiku ana nafasi ya kumwona mkewe.

Kama mikatiko ni michache, au wakati unasubiri kipimo, shona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, tia mpira wa tenisi, ufunge. Kila ukigeuka chali unakuamsha. Inachekesha, lakini kwa mtu ambaye koo lake hujifunga akilala chali tu, inafanya kazi. Pombe ikome saa nne au zaidi kabla ya kulala, iwe bia au chang'aa, kwani huilegeza misuli ile ile ya koo. Dawa za usingizi za kununua kiholela ni hatari kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Kupunguza uzito, ambako ndiko kunakopandisha homoni

Katika utafiti uliofuatilia watu kwa miaka minne, kupungua uzito kwa asilimia 10 kuliambatana na mikatiko kupungua kwa asilimia 26. Na mafuta ya tumbo yakipungua, testosteroni hupanda, kwa sababu mafuta hayo huigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na ubongo huona hiyo ya kike na kupunguza amri. Kwa dereva lengo lilikuwa kilo 10 kwa miezi sita. Hatukubadilisha chakula chote. Ugali ulipunguzwa ukawa nusu, sukuma ikawa sahani, soda na chapati za hoteli za barabarani zikaondoka, na akawa anatembea dakika 40 kila lori linapopakiwa mzigo.

Hatua ya 8: Msongo wenyewe

Mwili ukiwa katika hali ya hatari kila siku, ubongo huongeza homoni za msongo na kupunguza ile amri ya LH. Mwili unahisi huu si wakati wa kuzaa. Kumwambia mtu "punguza mawazo" ni kumtukana, kwa sababu deni bado lipo. Linalowezekana ni kulihamisha kutoka saa tisa usiku.

Kila siku saa kumi na mbili jioni dereva alikaa na kalamu kwa dakika 20, akaandika kila deni, kiasi, tarehe, na jambo moja la kufanya kesho yake. Kisha daftari likafungwa. Akiamka usiku mawazo yakamvamia, haruhusiwi kubaki kitandani zaidi ya kama dakika 20. Ahamie sebuleni, taa hafifu, bila simu, arudi usingizi ukimshika. Muda wa kuamka ulibaki ule ule kila siku ya nyumbani, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Na alimpigia mkopeshaji, akaomba tarehe isogezwe. Hilo nadhani lilimsaidia kuliko dawa yoyote ya kutuliza.

Kuna jambo jingine la wawili. Mwanaume akishindwa mara mbili huanza kukwepa, anachelewa kulala makusudi, na mke anadhani kuna mwingine. Niliwaambia kwa mwezi mmoja wasijaribu tendo lenyewe, wakae pamoja tu. Mke alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Sindano ina nafasi yake

Ipo kwa mtu ambaye vipimo viwili vya asubuhi viko chini, dalili zipo, na chanzo kimetafutwa. Lakini ukijidunga kiholela, ubongo huona homoni imejaa na kukata LH. Korodani hunywea na mbegu hupungua, wakati mwingine kwa miezi mingi baada ya kuacha. Kijana anayetaka watoto aogope hilo kwanza. Damu pia huwa nzito. Na apnea kali isiyotibiwa inaweza kuzidi, ndiyo maana nilimrudishia dereva chupa yake. Vidonge vya "nguvu" vya stendi vinaweza kuwa na sildenafili, dawa ya kusimamisha uume, iliyofichwa ndani, na kwa anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti hiyo inaweza kuua.

Kwa dereva, jambo la haraka kuliko homoni lilikuwa barabara. Nilimuuliza kama amewahi kusinzia kwenye usukani. Alinyamaza, kisha akasema ile mteremko wa Salgaa aliwahi kushtuliwa na tanboi. Aliacha safari za usiku mpaka mashine ilipozoeleka. Tajiri wake alinung'unika, akakubali.

Mwezi wa pili alinipigia simu kusema hamu imeanza kurudi. Damu wakati huo ilikuwa 10.4, karibu palepale. Mwezi wa sita alikuwa na kilo 92, presha 134 kwa 84, haamki tena kukojoa zaidi ya mara moja, na testosteroni 12.9. Alikuja na ile chupa ya sindano, haijafunguliwa, akauliza kama kemisti itamrudishia pesa zake.